Kabla ya kuandika rufaa ya tiba ya sumaku: degedege, vidonge vya usiku na hesabu ya wiki sita

Barua nyingi za rufaa za sonona ninazozisoma zina sentensi mbili zinazojirudia. Moja inasema, "Ametumia dawa mbili bila nafuu." Nyingine inasema, "Hana historia ya kifafa." Ya kwanza mara nyingi haisimami ukiihesabu vizuri, na ya pili mara nyingi imeulizwa kwa neno ambalo nyumbani kwa mgonjwa lina maana tofauti. Kwa mgonjwa anayeandaliwa kwenda kupigwa mapigo ya sumaku kichwani, sentensi hizo mbili ndizo zinazobeba karibu uamuzi wote. Ninamwandikia tabibu aliyeko Pangani, Muheza au Korogwe, anayemjua mgonjwa na mama mzazi wa mgonjwa, kwa sababu yeye anaweza kuzirekebisha. Daktari wa kituo chenye mashine atamwona mgonjwa kwa saa moja tu.

Tiba yenyewe kwanza, kwa ufupi. Koili iliyofungwa kwenye ganda la plastiki huwekwa juu ya ngozi ya kichwa. Umeme mkali hupita ndani yake kwa muda mfupi mno, unazaa uga wa sumaku, na uga huo ukibadilika haraka unazaa umeme mdogo ndani ya ubongo. Mashine ya kwanza ya namna hii iliyofaa kwa binadamu ilionyeshwa mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Mwaka 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiruhusu kwa sonona isiyotii dawa. Mgonjwa hapewi nusukaputi, halazwi, hapotezi kumbukumbu. Anakaa kwenye kiti akiwa macho, na akimaliza anaondoka kwa miguu yake. Kwenye fomu utakuta herufi rTMS. Ndiyo hiyo hiyo.

Jambo moja la kimaumbile linastahili kukaa kichwani, maana linaeleza mengi yatakayofuata: nguvu ya sumaku hufifia haraka sana kadiri unavyoachana na koili. Inafika sentimita mbili hadi tatu tu chini ya ngozi ya kichwa. Ndiyo maana inalengwa gamba la mbele la ubongo, upande wa kushoto, ambalo liko karibu na fuvu. Ndiyo maana pia misuko minene ya nywele inaweza kuharibu kipimo, na kitanzi cha uzazi kilicho mbali huko nyonga hakina shida yoyote, ingawa wagonjwa wa kike huniuliza habari zake kila mara.

Sasa tumchukue mgonjwa. Nimemjenga kutokana na mambo yanayojirudia katika kazi hii, kwa hiyo usimtafute. Ni mwalimu wa shule ya msingi huko Pangani, mwanamke wa miaka 43, mwenye watoto watatu. Kwa zaidi ya miaka miwili hana raha, anaamka saa tisa usiku na hapati usingizi tena, amepungua, na darasani anasahau anachokifundisha katikati ya sentensi. Kwenye dodoso la maswali tisa la sonona, ambalo alama zake zinaishia 27, ana 21. Barua yake inasema ametumia amitriptilini na fluoksetini bila nafuu.

Nilipenda kuanza na dozi. Amitriptilini alikuwa anameza miligramu 25 usiku, kwa miaka miwili. Hiyo ni dozi ya maumivu ya mgongo na ya kumsaidia mtu alale. Kwa sonona ya mtu mzima wa umri wake huhesabu jaribio kuanzia miligramu 75, na wengi huhitaji zaidi. Fluoksetini alimeza miligramu 20 kwa wiki tatu, akapata kichefuchefu, akaacha. Jaribio la dawa ya sonona linahesabika pale dozi inapotosha na ikamezwa kweli kwa wiki sita hadi nane. Kwa kipimo hicho, mwalimu alikuwa hajajaribu dawa hata moja. Miaka miwili yote ile ilikuwa ya kuteseka, na bado haimfanyi kuwa mtu ambaye dawa zimemshinda.

Sisemi hili kumlaumu tabibu aliyeandika. Amitriptilini ndiyo iliyokuwa kwenye rafu, na mgonjwa aliyesinzia darasani angerudi kulalamika dozi ikipanda. Lakini tofauti ni kubwa kwa mgonjwa mwenyewe. Akienda mapema, anauza ng'ombe au anakopa kwenye kikoba kwa ajili ya tiba ya wiki sita mbali na nyumbani, wakati huenda kopo la vidonge la bei ndogo lingemponya akiwa kwake. Akichelewa mno, nafasi yake inapungua, kwa sababu kadiri dawa nyingi zaidi zinavyoshindwa ndivyo tiba ya sumaku nayo inavyopungukiwa nguvu. Dirisha zuri ni baada ya majaribio mawili ya kweli, ugonjwa ukiwa haujakaa miaka mingi bila kuguswa.

Wapo pia wasiofaa hata kama dawa zimewashinda. Mgonjwa wa sonona anayesikia sauti zikimtukana au anayeamini ameoza tumboni, aliyekataa kula na kunywa, aliyeganda hasemi, au aliye na mpango wa kujiua wiki hii, hapaswi kusubiri tiba inayoanza kuonekana wiki ya tatu. Huyo anahitaji kulazwa, na mara nyingi tiba ya mshtuko wa umeme ndiyo inayomtoa haraka. Aliyewahi kupandwa na kichaa cha furaha, halali usiku, anaongea kupita kiasi na kutumia pesa ovyo, naye mwandikie daktari wa akili kabla ya kitu kingine. Na kabla ya yote pima wingi wa damu, tezi ya shingo, na soma orodha ya dawa zake nyingine.

Mwalimu alirudi kwenye fluoksetini, safari hii miligramu 20 kisha 40, akila chakula kwanza ili tumbo litulie. Wiki nane, alama zikashuka kutoka 21 hadi 18, basi. Ikasimamishwa. Tukasubiri wiki kadhaa kabla ya kupandisha amitriptilini, kwa sababu fluoksetini hukaa mwilini muda mrefu na huzuia ini kuivunja amitriptilini, hivyo dozi ndogo inageuka kubwa. Amitriptilini ikapanda taratibu hadi miligramu 125 usiku, wiki saba. Alama 21. Sasa sentensi ya "ametumia dawa mbili bila nafuu" imekuwa ya kweli.

Hapo ndipo hatari ya kifafa inapoingia, kwa sababu ndilo jambo zito kuliko yote kwenye usalama wa tiba hii. Ni nadra: kwa wagonjwa waliochujwa vizuri, chini ya mtu 1 kati ya 1,000. Mtetemeko hutokea wakati mapigo yanaendelea, mara nyingi katika vipindi vya mwanzo, hukoma wenyewe, na haumfanyi mtu awe na kifafa maisha yake yote. Lakini kinachouweka chini hivyo ni uchujaji, na uchujaji unaanzia kwenye meza yako.

Fomu itakuuliza kama mgonjwa ana kifafa. Ukimsomea mgonjwa wa Pangani swali hilo kama lilivyo, atajibu hapana, na atakuwa mkweli kwa jinsi anavyolielewa neno. Kifafa kwake ni ule ugonjwa wa kudondoka jikoni kwenye moto, wenye aibu, unaovunja uchumba. Degedege ni kitu kingine kabisa. Utafiti uliofanyika wilaya ya Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 uliandika hilo waziwazi: jamii inalitenga degedege na malaria ya kawaida, na inalitafutia tiba zake za jadi. Mtoto aliyepelekwa kwa mganga hana cheti cha hospitali. Akikua, mwenyewe hakumbuki. Anayekumbuka ni mama.

Kwa hiyo mwite mama. Mwalimu wetu alikuja naye siku ya pili, bibi wa miaka sabini na kitu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, huyu mwalimu utotoni aliwahi kupata degedege?"

"Ee, mara tatu. Mbili alitulia mwenyewe tukampaka dawa. Ya tatu alikuwa hajafika miaka minne, malaria ikampanda kichwani. Siku mbili kalala, ukimwita hasikii. Nikajua tumeshampoteza."

Mwalimu mwenyewe alikuwa anasikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Si kila degedege linamfungia mtu mlango. Mtoto aliyetetemeka dakika chache akiwa na homa kali, akazinduka na kukua vizuri, hatari yake ukubwani ni ndogo, na kituo kitampokea. Kupoteza fahamu siku mbili ni habari nyingine, kwa sababu malaria ya ubongo inaweza kuacha kovu, na kovu linaweza kuwa chanzo cha kifafa miaka mingi baadaye. Basi fuata uzi huo. Tangu utotoni aliwahi kudondoka akizinduka hajui alipo? Aliwahi kuamka ameuma ulimi, au kitanda kimelowa? Mume amewahi kumwona usiku akirusha mkono? Kuna vipindi anakodoa macho na hajibu? Majibu yote yalikuwa hapana, na mume alithibitisha. Hata hivyo tuliomba picha ya kichwa na kipimo cha mawimbi ya ubongo. Vyote vilikuwa safi. Kama kimojawapo kingekuwa na kasoro, ningemrudisha kwenye dawa na mazungumzo bila kusita.

Kwa namna hiyo hiyo uliza kuhusu kichwa kilichoumia. Kwa mwambao wetu hilo ni ajali za bodaboda, na kwa wanaume wa vijiji vya uvuvi ni baruti. Mvuvi wa zamani aliyelipukiwa anaweza kuwa na mambo mawili kwa pamoja: ubongo uliotikisika, na kipande cha chuma kilichobaki usoni au karibu na jicho. Hatakwambia kwa sababu uvuvi huo ni kosa kisheria. Mwambie kwanza kwa nini unauliza. Fundi wa kuchomelea na aliyefanya kazi kwenye karakana za viwanda vya mkonge muulize kama cheche iliwahi kumwingia jichoni. Chuma kinachovutwa na sumaku kikiwa ndani ya sentimita 30 za koili kinaweza kusogea au kupata moto, na hapo tiba haifanyiki. Kifaa cha kusikia kilichopandikizwa ndani ya sikio nacho kinakataza kabisa. Betri ya moyo kifuani inahitaji kituo kiulizwe kabla mgonjwa hajapanda basi. Meno yaliyozibwa hayana neno. Hereni, mkufu, vibanio vya nywele, na hirizi yenye kichuma ndani huvuliwa tu.

Kisha dawa na vinywaji. Hapa mwalimu alitushangaza. Kwa mwaka mzima alikuwa akinunua diazepamu duka la dawa, miligramu 10 kila usiku, na hakuihesabu kuwa dawa kwa sababu hakuandikiwa na mtu. "Ni kidonge cha usingizi tu, daktari." Kidonge hicho kinahusika mara mbili. Wagonjwa wanaotumia dawa za kundi la diazepamu wameonekana kupata nafuu ndogo zaidi na tiba ya sumaku. Na mgonjwa akiogopa akaiacha ghafla siku mbili kabla ya kuanza, ubongo unabaki bila breki, na hapo ndipo hatari ya mtetemeko inapanda kweli. Tulimshusha kidogokidogo kwa wiki sita, na tarehe ya kuanza ikapangwa wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho. Pombe ni vilevile. Anayekunywa mnazi kila siku akiacha ghafla ili "aende msafi" anajiweka pabaya.

Amitriptilini ilibaki kuwa swali gumu. Ndiyo dawa iliyothibitisha kwamba ugonjwa wake ni sugu, na ndiyo hiyo hiyo inayoshusha kizingiti cha kifafa, pamoja na bupropioni, klozapini na tramadoli. Haimkatazi, lakini kwa mtu aliyewahi kupoteza fahamu kwa malaria sikutaka miligramu 125 ziendelee bila faida yoyote. Ikashushwa hadi 50 taratibu, kisha ikaachwa palepale mpaka mwisho wa tiba. Hilo la mwisho ndilo ninalokuomba ulishike: dozi isibadilike katikati. Nguvu ya mashine hupimwa kulingana na ubongo wa siku ya kwanza. Ukibadilisha dawa wiki ya tatu bila kukiambia kituo, kipimo kile si chake tena.

Kipimo chenyewe hufanywa hivi. Koili inawekwa juu ya sehemu ya ubongo inayoendesha mkono wa kulia, na nguvu inapandishwa hadi kidole gumba kicheze katika mapigo 5 kati ya 10. Hicho ndicho kizingiti chake. Tiba hutolewa mara nyingi kwa asilimia 120 ya kizingiti hicho, koili ikiwa imesogezwa mbele. Mwalimu alifika na misuko iliyonyanyuka karibu sentimita mbili juu ya ngozi. Ilibidi ifumuliwe, siku ikapotea. Mwambie mgonjwa wako asuke mistari iliyolala au aende na nywele fupi, na abaki na mtindo huo huo wiki zote.

Mtindo wa zamani ni mapigo 3,000 kwa dakika 37 na nusu. Mtindo mpya unatoa mapigo 600 kwa dakika tatu na kidogo. Utafiti wa Kanada wa wagonjwa 414, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba mfupi hauko nyuma ya mrefu: waliopata nafuu ya nusu au zaidi walikuwa asilimia 49 kwa mfupi na 47 kwa mrefu. Kwa mgonjwa wa mbali tofauti ni ndogo kuliko inavyoonekana, kwa sababu bado lazima afike siku tano kila wiki, kwa wiki nne hadi sita. Dakika tatu hizo zinataka mahali pa kulala, mtu wa kumshika mkono na ruhusa ya kazi. Andika ruhusa hiyo wewe mwenyewe. Kama Ramadhani inakaribia, panga tarehe upya au kubaliana kabisa kuhusu usingizi: tarawehe, daku na kuamka alfajiri vinampa mtu saa nne za kulala, na kukosa usingizi kunashusha kizingiti cha kifafa kama dawa zile.

Sasa njia atakayopita, ili akikupigia simu usiku usishtuke. Wiki ya kwanza ngozi ya kichwa inauma kama inagongwa na kijiti, nyusi au taya zinacheza, na jioni kichwa kinauma. Parasetamoli inatosha, na hupungua ndani ya wiki mbili. Mlio wa koili ni mkali, kwa hiyo vizibo vya masikio havina mjadala. Akisema kimoja kilidondoka na sikio linavuma, apimwe kabla ya kuendelea. Wiki ya pili mara nyingi hakuna kitu. Mwalimu baada ya vipindi 10 alikuwa na alama 19, na akamwambia mumewe wanatupa pesa. Huu ndio wakati wagonjwa hukata tiketi ya kurudi Tanga, na simu yako ya dakika mbili ina thamani kuliko wanavyojua kituoni. Baada ya vipindi 20 alikuwa 12. Mumewe aliliona kabla yake: alikuwa ameanza kuuliza habari za watoto wa jirani.

Kuzirai siku ya kwanza hutokea zaidi ya kifafa, na watu huvichanganya. Anayezirai hupauka, hutoka jasho, husema macho yanaingia giza, anaweza kutikisika mara mbili tatu, na akilazwa miguu juu anazinduka ndani ya sekunde akijua alipo. Kifafa cha tiba hii kwa kawaida huanzia mkono au uso wa upande wa kulia, na mchezo wa misuli unaendelea hata mashine ikiwa imenyamaza, kisha mwili wote. Akizinduka amechanganyikiwa dakika kadhaa. Ukipokea barua inayosema "alianguka kipindi cha kwanza", uliza hivyo, kwa sababu wa kwanza anarudi kesho akiwa amekunywa chai, na wa pili anasimamishwa. Jambo jingine la kuangalia ni mgonjwa anayechangamka ghafla mno, analala kwa saa tatu tu na hachoki. Huyo aonwe siku hiyo hiyo.

Mwalimu alimaliza vipindi 30 akiwa na alama 8. Nafuu kubwa, zaidi ya nusu, lakini kupona kamili kwa dodoso hilo ni chini ya 5. Katika matibabu ya kila siku karibu nusu ya wagonjwa hufika alipofika yeye, na theluthi moja hivi hupona kabisa. Katika utafiti mkali wa Marekani wa mwaka 2010, uliolinganisha mashine ya kweli na ya bandia kwa wagonjwa 190, waliopona kabisa ndani ya wiki chache walikuwa asilimia 14 dhidi ya 5. Namba hiyo mwambie mgonjwa kabla hajauza chochote. Asiyesogea hata kidogo baada ya vipindi 30 asiongezewe.

Alirudi Pangani na amitriptilini yake ya 50, na barua inayomrudisha kwako. Wengi wa waliopata nafuu huishikilia miezi mingi, baadhi zaidi ya mwaka, na anayerudi kuugua baada ya kunufaika mara nyingi hunufaika tena akirudiwa mapema. Dodoso lifanywe kila mwezi kwa miezi sita. Alama zikivuka 12 mara mbili mfululizo, piga simu kituoni. Na kila akija, muulize tena kuhusu kidonge cha usingizi cha duka la dawa, kwa sababu safari ya kwanza kukosa usingizi ndipo atakapokikumbuka.